Sahihi Iliyotangulia Mzigo

Madereva wa malori ya mizigo walikuwa na mtu mmoja waliyemwogopa kuliko askari wa barabarani, naye alikuwa mtunza stoo wa chuo cha ufundi. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mfupi, mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni, kalamu mbili mfukoni, moja ya kutumia na moja ya kuazima. Lakini ukimletea saruji atashika mfuko mmoja mmoja. Ukimletea misumari atafungua boksi achungulie. Na ukithubutu kumwambia, "Mzee, nina haraka, tia sahihi tu, tunajuana," atavua miwani akuambie maneno ambayo chuo kizima kilikuwa kimeyakariri: "Mimi na wewe tunajuana. Mimi na mzigo bado."

Wakamwita Bwana Stoo, na jina likamganda mpaka nyumbani. Mkewe naye alimwita hivyo akiwa na furaha. Akiwa amekasirika alimwita baba watoto, na hapo mzee wa watu alijua kwamba chai ya siku hiyo ataipika mwenyewe.

Sasa huyo huyo ndiye aliyekuja kutia sahihi kabla ya kuona mzigo. Mganga hajigangi, walisema wahenga, nao hawakuwa wamemwona Bwana Stoo.

Ilianza na oveni. Mkewe alikuwa mwoka keki, keki za harusi hasa, zile za ghorofa tatu zinazobebwa na watu wawili huku wa tatu akipiga kelele. Oveni yake ya zamani ilikuwa imezeeka vibaya: kulia iliunguza, kushoto iliacha unga mbichi, na mama wa watu alikuwa hana budi kukaa mbele yake akigeuza trei kila mara, jasho likimtiririka. Akaweka akiba yake taratibu kwenye akaunti yake mwenyewe, mpaka ikatosha kununua oveni kubwa ya trei nne.

"Twende madukani tukaione," mke alisema.

"Madukani ghali," Bwana Stoo akajibu. "Kuna duka la mtandaoni wanauza hiyo hiyo kwa bei ya chini. Nipe kadi yako, niachie mimi. Kununua na kupokea ndiyo kazi yangu, mke wangu."

Alimpa. Nani asingempa? Mzee akakaa na simu, akajaza jina la mkewe, namba za kadi ya mkewe, na mahali pa namba ya simu akaweka yake, ili dereva akifika ampigie mtaalamu. Risiti ikaja kwenye barua pepe, na chini yake maandishi kwamba mzigo utafika kabla ya wiki mbili, tarehe imetajwa. Bwana Stoo akaisoma mara mbili akaridhika.

Tarehe ikaja, ikapita. Muuzaji akatuma ujumbe: mzee, tuvumilie, ghala lina foleni. Bwana Stoo, kwa kutaka muuzaji ajue anashughulika na mtu wa aina gani, akamjibu kwamba yeye pia ni mtu wa ghala, miaka mingi, mambo ya mizigo anayajua nje ndani. Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Jibu lilikuja haraka: "Kumbe mzee wangu ni mwenzetu! Basi hatuna haja ya kukueleza, wewe unajua karatasi hutangulia mzigo. Bonyeza hapa uthibitishe kupokea, ghala liuachie leo leo. Wateja wengine hawaelewi, ila wewe ni mtaalamu."

Angekuwa ni dereva amesimama mbele yake, angemfukuza na lori lake. Lakini sifa ni kitu kibaya. Walimvisha kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa kimkae vizuri. Ni kweli karatasi hutangulia mzigo: ankara hutangulia, hati ya kutolea ghalani hutangulia. Hati ya kupokea haitangulii hata siku moja, na hilo alilijua kama anavyojua njia ya kwenda chooni kwake. Akabonyeza. Ukafunguka ukurasa ulioandikwa, Nimepokea mzigo ukiwa kamili na salama, na chini yake nafasi ya jina la mpokeaji. Kwa kuwa oda ilikuwa ya mkewe, akaandika jina la mkewe.

Mzigo haukuja. Ujumbe ukaja mmoja baada ya siku tatu, kisha simu ya muuzaji ikawa haipatikani.

"Oveni yangu iko wapi?" mke aliuliza.

"Iko njiani."

Aliuliza tena, ikawa bado iko njiani. Msimu wa harusi ukaingia, na mama akawa anavuka barabara na trei zake kwenda kuomba oveni ya jirani. Bwana Stoo alimsaidia kubeba. Alitembea nyuma yake, trei mikononi, macho chini, na watu walipomsalimia aliitikia kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Kila mara alijiambia kesho nitamweleza, na kesho ilipofika alijiambia leo ana keki, nisimvuruge.

Mwishowe mke hakungoja kuelezwa. Alikwenda mwenyewe benki, akauliza, akarudi na jibu na hasira.

"Baba watoto," alisema, na mzee akajua. "Kumbe kuna utaratibu. Ukilipa kwa kadi na mzigo usifike, unayapinga malipo kupitia benki. Lakini muda wake una mwisho, wanahesabu kuanzia tarehe tuliyoahidiwa, na sisi tumekaa tunaangaliana. Wanataka taarifa ya akaunti, risiti, tarehe ya ahadi, na maongezi yote na muuzaji. Yote. Kaa hapa tuyapange."

Wakakaa mezani, na hapo Bwana Stoo alikuwa kwake. Nisimnyime haki yake: mpangaji wa karatasi kama yule hayupo. Mke alipitisha kidole kwenye taarifa ya akaunti juu hadi chini, akaanza kutweta. "Mbona jina la duka halipo? Wameshalifuta?"

"Halijafutwa. Tafuta kiasi, usitafute jina." Akaupata: mstari mmoja wenye jina la kampuni wasiyoijua, ambayo ndiyo iliyopokea malipo kwa niaba ya duka.

"Lakini kiasi hiki si bei ya oveni. Kimezidi."

"Soma risiti. Oveni mstari wa kwanza, usafirishaji mstari wa pili. Jumlisha." Akajumlisha, ikakaa sawa mpaka senti.

"Na tarehe? Risiti inasema Ijumaa, benki inasema Jumatatu."

"Ijumaa tulilipa, Jumatatu benki ikaingiza. Angalia, tarehe zote mbili zipo hapa pembeni." Akapiga mstari kwa rula, akaandika pembeni namba moja, risiti ikawa namba mbili, ahadi ya tarehe, namba tatu. Mkewe alimtazama anavyopanga, na hasira ikaanza kumtoka taratibu. Akamwekea chai.

"Ndiyo maana niliolewa na wewe," akasema.

Chai ile aliisukuma kando. Kwa sababu ilibaki namba nne, maongezi na muuzaji, nayo yalikuwa kwenye simu yake.

"Nitayapiga chapa kesho nikitoka kazini," alisema.

Na kweli alikwenda kwenye duka la kuchapa. Alisimama kaunta akipiga picha za skrini moja moja. Ule wa foleni ya ghala, ndiyo. Ule wa kuulizia mzigo, ndiyo. Zile alizodai arudishiwe pesa, ndiyo, hizo zilikuwa kali na zilimpendeza. Alipofika kwenye ule wa mwenzetu mtaalamu, kidole kikauruka. Kikauruka na ujumbe wa mwisho wa muuzaji pia, kwa sababu ulianza na maneno asiyotaka yasomwe na mtu: "Asante kwa kuthibitisha." Mengine yote yakachapwa, yakapewa namba, yakafungwa vizuri na pini. Mke akasaini fomu ya benki, maana kadi ni yake na dai ni lake, na faili likaenda.

Wiki kadhaa zikapita, na Bwana Stoo akaanza hata kupiga mluzi bafuni. Kisha benki wakapiga simu. Afike mwenye kadi, walisema, muuzaji amejibu.

Walikwenda wote wawili. Afisa wa kadi alikuwa dada kijana, nadhifu, meza yake imebanwa kati ya mashine ya maji na mlango unaobamizwa na kila anayepita. Aliwaamkia shikamoo, akawakaribisha viti, kisha akageuza karatasi moja juu ya meza waione.

"Mama, sisi tulipeleka dai lako kwamba mzigo haukufika. Muuzaji, kupitia benki yake, ameleta huu. Ni uthibitisho wa kupokea. Umejazwa kwenye mtandao wao, na jina ni lako."

Mama akaivuta karatasi. Aliisoma midomo ikicheza. "Kamili na salama," alisoma. "Mimi? Mwanangu, mimi sijapokea hata boksi lake! Ninaoka kwa jirani mpaka leo, nenda kamuulize."

"Nakuelewa, mama."

"Hunielewi. Unanitazama kama mwizi."

"Hapana, mama. Lakini natakiwa niulize. Wapo watu wanaopokea mzigo kisha wanadai haukufika." Aliyasema kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyouma. Mama akafungua mkoba akaanza kutafuta kitambulisho, sijui athibitishe nini, na vitu vikamwangukia: funguo, leso, kijiko cha kupimia.

"Mwambie wewe, Bwana Stoo," alimgeukia. "Wewe unajua mambo haya. Mwambie kwamba mimi sijatia sahihi mahali popote."

Alimwita Bwana Stoo. Mbele ya mtu, kwa kujivunia. Mzee akahisi masikio yanawaka. Njia ya kutokea ilikuwa pale pale, wazi: wameghushi. Neno moja tu, na lingeaminika, maana matapeli hughushi, na mkewe angekuwa wa kwanza kuapa. Alilifungulia mdomo. Kisha akaona kile kijiko cha kupimia sakafuni, na mkewe ameinama chini ya meza ya benki kukiokota, mama mtu mzima, ameitwa mwongo kwa kosa asilolijua.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" sauti ya mkewe ilitoka chini ya meza.

"Mimi ndiye niliyethibitisha. Niliandika jina lako. Waliniambia ghala halitauachia mzigo mpaka nithibitishe. Waliniambia mimi ni mwenzao, mtaalamu."

Mlango ulibamizwa. Dada wa benki akatazama mashine ya maji kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mke akainuka polepole na kijiko chake, akaketi.

"Wewe," alisema. "Wewe wa mimi na mzigo bado."

"Mimi."

"Nimebeba trei barabarani msimu mzima, na wewe nyuma yangu."

"Ndiyo."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama akaiambia karatasi iliyokuwa mezani, hakumwambia yeye. Mzee alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya benki ina vigae vizuri, haipasuki. Alitamani angalau amtukane. Hakumtukana. Alifunga mkoba, zipu ikalia, akakaa na uso wa mtu aliyepigwa na mgeni.

Dada wa benki akamgeukia mzee. "Mzee, hayo maongezi ya kuthibitisha unayo bado?"

"Ninayo." Akampa simu. Hakuwahi kutoa simu ile kwa uzito kama ule. Dada akasoma. Alipofika kwenye neno mtaalamu, mdomo ulimcheza kidogo akaubana. Akaendelea, akasimama, akarudi juu, akashuka tena.

"Na huu? Mbona huu haumo kwenye faili?"

Ulikuwa ule wa mwisho. Akausoma kwa sauti: "Asante kwa kuthibitisha, mzee wetu. Oveni bado iko ghalani, itatoka wiki ijayo." Akaiweka simu kando ya uthibitisho, akaelekeza kidole huku, kisha kule. "Uthibitisho ni wa Jumanne. Ujumbe huu ni wa Ijumaa, wiki hiyo hiyo, na namba ya simu iliyoutuma ni ile ile iliyo kwenye risiti yao. Muuzaji mwenyewe anakiri Ijumaa kwamba mzigo uko kwake. Sasa Jumanne ulipokelewa nini?"

Bwana Stoo alitazama. Kumbe ile karatasi aliyoificha kwa aibu ndiyo iliyokuwa na dawa. Mficha uchi hazai. Yeye alikuwa ameukata mti wa kivuli chake, akayapiga pini yaliyobaki.

"Ungeleta hii mwanzoni, mzee, tusingefika hapa," dada alisema, bila ukali.

"Niliona aibu, mwanangu."

"Wengi huona. Ndiyo mtaji wao hao watu."

Akawaeleza kinachotakiwa: ujumbe wote uchapwe kwa mfuatano, pasikatwe hata mmoja, namba na tarehe zionekane, na maelezo ya maandishi kutoka kwa mwenye kadi, pamoja na ya huyo aliyethibitisha. Siku za kujibu zilikuwa chache. Hakuahidi ushindi. Benki ya muuzaji inaweza kung'ang'ania, alisema, ila sasa wana kitu cha kusimamia.

Mzee akaomba karatasi. Aliandika pale pale, kalamu ya kutumia ikagoma, akatumia ile ya kuazima. Alipomaliza akaisukuma kwa mkewe aone.

"Isome," mke alisema. "Kwa sauti. Mimi siweki sahihi yangu juu ya kitu nisichokijua."

Akasoma, mlango ukibamizwa, watu wakipita na namba zao za foleni mkononi. Mimi ni mtunza stoo. Nilithibitisha kupokea oveni ambayo sikuiona, kwa kushawishiwa na muuzaji. Haikufika hadi leo.

"Umesahau kitu," mke alisema. "Andika ulitumia jina la nani."

Akaandika: Nilitumia jina la mke wangu bila kumwambia. Mstari ule mmoja ulimchukua muda kuliko barua nzima. Mke akasoma, akaandika maelezo yake mwenyewe, akayasaini, akamrudishia mumewe kalamu.

Njiani walitembea kama watu wasiojuana. Nyumbani chai alijipikia, siku ile na nyingi zilizofuata. Kazini aliendelea kushika mifuko mmoja mmoja, lakini yale maneno yake ya tunajuana hakuyasema tena. Dereva mmoja mzoefu alimchokoza, "Leo hunivulii miwani, mzee?" Akajibu tu, "Shusha mzigo." Madereva wakadhani anaumwa.

Benki walipopiga tena simu alikuwa anahesabu mabati. Ni mkewe aliyempa habari jioni, kwa maneno machache: muuzaji hakujibu tena, dai limekubaliwa, malipo yamerudishwa. Akamwonyesha taarifa mpya ya akaunti, mstari mmoja, jina lile lile la kampuni wasiyoijua, safari hii upande wa kuingia. Alitamani kusema kitu. "Hongera," akasema, akaona ni neno la kijinga.

"Jumamosi nitakwenda madukani," mke alisema. "Ukitaka, njoo."

Alikwenda. Alitembea nyuma yake kati ya maoveni, hakushauri, hakupatana bei, hakutaja utaalamu. Mke alichagua, akalipa kwa kadi yake, akaweka risiti mkobani mwake.

Gari la duka lilifika alasiri. Vijana wawili walishusha boksi mlangoni, na dereva, kwa mazoea ya madereva wote duniani, akamtafuta mwanamume wa nyumba akamnyooshea hati ya kupokelea. "Mzee, weka sahihi hapa, tuwahi."

Bwana Stoo akaweka mikono nyuma. "Si mimi," alisema. "Mwenye mzigo ni mama."

Mama aliichukua hati, akaiweka chini ya kwapa. Akaagiza boksi lifunguliwe. Akatoa trei, moja, mbili, tatu, nne. Akapapasa mpira wa mlango. Akawaambia wachomeke waya, akawasha, akangoja. Dereva akatazama saa, akaguna, hakusikilizwa. Oveni ilipopata moto akaingiza mkono kulia, akauingiza kushoto, akafunga mlango. Kisha akamgeukia mumewe.

"Mzigo umefika?"

"Umefika."

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Kamili?"

"Trei nne. Kamili."

Akamnyooshea hati na kalamu. "Basi tia sahihi, Bwana Stoo. Vijana wana haraka."

Mzee akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, na bado hakuona vizuri. Akainama juu ya boksi, akatafuta nafasi ya jina la mpokeaji, akaandika la kwake mwenyewe.